Kata Kofia, Liache Tundu: Namna ya Kutoa Ribiti ya Pop

Paneli ya ubavuni mwa basi hufunguliwa mara nyingi kuliko abiria wanavyodhani. Nyaya za taa hukatika nyuma yake, fremu hushika kutu, bodaboda hugonga bati likabonyea. Kila inapofunguliwa, ribiti zilizoishika hutolewa na mpya hupigwa mahali pale pale. Tembea kando ya basi la mjini lililokaa barabarani miaka mingi, uangalie ukingo wa bati. Utaona ribiti ndogo za mwanzo, halafu kubwa zaidi, halafu boliti zenye washa pana, na mwisho matundu yaliyorefuka ambayo hayashiki kitu tena, na bati linalogonga kila gari linapoingia kwenye shimo.

Mara nyingi uharibifu huo ulianzia gereji. Siku moja fundi alichukua biti ya milimita 6, akaiweka juu ya ribiti ya milimita 4.8 na kuisukuma mpaka ikatokea upande wa pili. Ribiti ilitoka, lakini ilitoka na sehemu ya bati. Ribiti mpya ya 4.8 ikaingia kwenye tundu la 6 ikiwa inacheza, na kuanzia siku hiyo paneli ile ilikuwa inasubiri kulegea tu. Inauma kuona bati zima likiharibiwa hivyo, kwa sababu kuitoa ribiti bila kuligusa tundu hakuhitaji kifaa cha gharama. Kunahitaji kujua ribiti imeshika wapi.

Ribiti ya pop, ile inayovutwa kwa mashine ya mkono, ina vipande viwili. Cha kwanza ni shina lililo wazi katikati kama bomba, lenye kofia ya duara upande mmoja. Cha pili ni msumari uliopita ndani ya shina, wenye kichwa kinene upande wa ndani. Fundi huingiza shina kwenye tundu, huushika msumari kwa mashine na kuuvuta. Kichwa cha msumari kinaporudi nyuma hulibana shina na kulitanua upande ule ambao mkono haufiki, kisha msumari hukatika pale ulipopunguzwa unene tangu kiwandani. Kipande kirefu hutupwa. Kifupi, pamoja na kichwa chake, hubaki ndani ya shina. Ribiti hii ilienea sana katika utengenezaji wa ndege, na kiwanda cha George Tucker Eyelet cha Birmingham, Uingereza, ndicho kilichoiuza kwa jina la POP. Faida yake kubwa ni kwamba mtu aliyesimama upande mmoja anaweza kufunga bati juu ya fremu bila mwenzake kukaa upande wa pili.

Kwa hiyo ribiti ikishavutwa, bati linabanwa na vitu viwili: kofia kwa nje na mkia uliotanuka kwa ndani. Mkia haufikiki, hasa ukiwa ndani ya bomba la fremu. Kofia iko mbele ya macho yako. Ukiikata pale inapoungana na shina, bati liko huru, hata kama shina bado limejaa kwenye tundu. Hakuna haja ya kulitoboa shina lote wala kuigusa fremu, na biti haina sababu ya kulifikia bati. Kazi nzima imo katika unene wa kofia, ambao kwa ribiti ya 4.8 ni kama milimita 1.5 hivi.

Kinachowashinda wengi ni kile kipande cha msumari kilichobaki katikati. Katika ribiti nyingi tunazonunua madukani shina ni la alumini na msumari ni wa chuma. Ukiweka biti juu ya kofia bila kuuondoa msumari, ncha inakutana na chuma kigumu katikati, na pembeni yake kuna alumini laini. Biti inateleza kutoka kwenye kigumu kwenda kwenye laini. Inaanza kula upande mmoja wa kofia, inashuka kwa kuinama, na ikimaliza kofia inaingia kwenye bati pembeni mwa tundu la zamani. Ukiona tundu lenye umbo la tarakimu 8, ujue lilitokana na msumari ambao haukuondolewa.

Tuchukue paneli moja tuifuatilie mwanzo hadi mwisho. Basi limejengewa bodi hapa nchini juu ya chesisi ya lori. Paneli iko ubavuni, chini, kati ya matairi. Ni bati la alumini lenye unene wa milimita 1.5, urefu mita 1.2 na kimo sentimita 60, limepigwa juu ya fremu ya skwea paipu za chuma za milimita 25. Kuna ribiti moja kila sentimita 10 kuzunguka ukingo wote, jumla yake 36. Fremu nyuma yake imeanza kutu na inatakiwa kuchomelewa, kisha paneli ile ile irudi.

Kabla ya kugusa drili, pima kofia. Kofia ya kawaida ina upana wa karibu mara mbili ya shina: ikiwa na milimita 6.5, shina ni la 3.2, ikiwa na 8, shina ni la 4, ikiwa na 9.5, shina ni la 4.8. Kwenye paneli yetu kalipa inasoma 9.5. Tahadhari ni kwamba ziko ribiti za kofia pana, milimita 14 au 16, ambazo shina lake ni lile lile la 4.8, kwa hiyo upana peke yake unaweza kudanganya. Dawa yake ni kuchukua ribiti mpya mkononi na kulinganisha kitundu cha katikati. Kama bati limepakwa rangi na pati mara kadhaa, kofia itakuwa imefunikwa; ikwangue kwa ncha ya kisu mpaka uone duara lake na kitundu cha msumari. Fundi anayetoboa juu ya pati anabahatisha tu katikati ya kofia ilipo.

Zima pia umeme kwa kuchomoa waya wa betri, na uchungulie kwa chini kama kuna nyaya au bomba la mafuta lililopita nyuma ya mstari wa ribiti. Vaa miwani. Vipande vya alumini ni vyepesi na huruka juu kuelekea usoni.

Sasa ondoa msumari. Unahitaji panchi nyembamba iliyonyooka, yenye ncha bapa. Msumari wa ribiti ya 4.8 una unene wa kati ya milimita 2.6 na 2.9, hivyo panchi ya 2.5 inapita vizuri ndani ya shina bila kulitanua. Ukikosa panchi, msumari wa mbao wa chuma kigumu, uliokatwa ncha na kusawazishwa kwa tupa, unafanya kazi kwa ribiti nyingi kabla haujapinda. Simamisha panchi wima katikati ya kofia na upige pigo moja la nguvu ya wastani. Mapigo mengi madogo hupanua mdomo wa shina bila kuusogeza msumari. Ukifanikiwa, panchi inazama ghafla na unasikia kipande kikidondoka ndani ya fremu.

Mahali ambapo bati halina fremu nyuma yake, kwa mfano pale paneli mbili zilipounganishwa zenyewe kwa zenyewe, pigo hilo linaweza kulibonyeza bati. Hapo mwenzako ashike kipande cha mbao kwa nyuma, kando ya mkia, wakati unapiga. Na kama basi limefanya kazi miaka mingi karibu na bahari, Dar es Salaam au Mombasa, msumari unaweza kuwa umeoza na kushikana na shina. Weka tone la mafuta ya kulegeza kutu, uache dakika chache, ndipo upige tena.

Ziko ribiti ambazo msumari wake umefungwa ndani kwa makusudi, zile zinazotumika penye mzigo mkubwa. Hizo hazitoki kwa pigo la panchi. Utazitambua kwa sababu msumari umekatika sawa kabisa na uso wa kofia, na panchi inadunda. Hapo piga alama katikati ya msumari kwa senta panchi, utoboe kitundu kidogo kwa biti ya milimita 2.5 au 3, polepole na kwa tone la mafuta, mpaka upate shimo la kuiongoza biti kubwa. Ni kazi ya subira na inamaliza biti. Kwenye paneli za mabasi hukutana nazo mara chache.

Msumari ukishatoka, kofia ina shimo katikati kabisa, na shimo hilo ndilo litakaloishika biti isiteleze. Swali linalobaki ni biti ipi. Ribiti ya 4.8 hupigwa kwenye tundu la 4.9, na mchezo wa milimita 0.1 ndio unaoliruhusu shina kuingia, kisha kutanuka na kulijaza tundu. Biti ya kutolea isizidi shina, yaani 4.8 au pungufu kidogo. Hata mkono ukiteleza na biti ikazama, inapita ndani ya tundu la 4.9 bila kulila. Mimi napendelea 4.5 kwa mtu ambaye mkono wake haujazoea. Itaacha ukuta mwembamba wa alumini kati ya kofia na shina, lakini ukuta huo hukatika kwa kusukumwa kidogo na tindo. Kinachosikitisha ni kwamba gereji nyingi zina biti ya 5 na ya 6 tu, kwa hiyo ndizo zinazotumika. Biti moja ya 4.5 iliyo kali, ikitunzwa kwa kazi hii peke yake, inaokoa mabati mengi.

Wapo wanaotetea biti kubwa kwa hoja kwamba inakata kofia haraka, nawe unaacha kabla haijafika kwenye bati. Hoja hiyo ina ukweli kwa mkono wa fundi mkongwe. Lakini ncha ya biti ina umbo la pia. Biti ya milimita 6 ikizidi kina kwa nusu milimita tu, pembe zake zinachimba duara lililoinama kwenye mdomo wa tundu. Bati la milimita 1.5 likichimbwa hivyo linabaki jembamba pale pale ambapo kofia mpya inatakiwa kukalia.

Umbo hilo la ncha ndilo pia linalowachanganya watu kuhusu kina. Biti ya kawaida ya 4.8 ina ncha yenye urefu wa karibu milimita 1.4 kabla haijafikia upana wake kamili. Kinachokata kofia ni zile pembe mbili za pembeni, na pembe hizo ziko nyuma ya ncha. Kwa hiyo usiogope ukiona ncha imeshapita usawa wa bati, maana inaelea ndani ya shimo lililoachwa na msumari na haikati chochote. Hesabu safari ya biti tangu inapogusa mdomo wa shimo. Inahitaji kama nusu milimita kufikia upana wote, halafu milimita 1.5 za unene wa kofia. Jumla ni milimita 2 tu, kisha unaacha.

Milimita 2 hazipimiki kwa jicho drili ikiwa inazunguka, kwa hiyo weka kizuizi. Kata kipande cha mpira mgumu wa maji au bomba la plastiki, ukivishe kwenye biti mpaka zibaki nje milimita 3 au 4 hivi kutoka kwenye ncha, ukianza na urefu mdogo na kuurekebisha kwenye ribiti ya kwanza. Biti ikizama zaidi ya hapo, plastiki inagusa kofia na kuizuia. Pia inalinda rangi, kwa sababu ajali ya kawaida kabisa ni kofia kuachia ghafla, mkono ukaenda na uzito wote, na kichwa cha drili kikagonga bati.

Endesha drili polepole, kwenye gia ya chini kama ni ya betri, na uisimamishe wima juu ya bati. Sukuma kwa nguvu ndogo. Ukitazama kwa karibu utaona alumini ikitoka kwa nyuzi mbili zinazojikunja, moja kila upande wa biti. Nyuzi zikiwa sawa, biti iko katikati. Ukiona upande mmoja unatoa uzi na mwingine unatoa vumbi, umeinama, nyoosha mkono. Kisha, bila onyo kubwa, mlio unabadilika na kofia inapanda juu ya biti na kuanza kuzunguka nayo kama pete kwenye kidole. Acha hapo hapo. Chomoa drili, ondoa pete hiyo kwa koleo, uende kwenye ribiti inayofuata.

Kofia isipopanda ingawa kina kimetimia, usiongeze kina. Chukua tindo nyembamba, uiweke kwenye ukingo wa kofia ikiwa imelala karibu sambamba na bati, ugonge kidogo. Ukuta uliobaki utakatika. Hapa tindo inamalizia tu. Kuitumia tindo tangu mwanzo, kwa kukata kofia nzima kwa nyundo, kunalivuta bati pembeni na kulirefusha tundu upande mmoja, na tundu lililorefuka ni baya kuliko lililopanuka, kwa sababu hata ribiti kubwa haitalijaza sawasawa. Grainda nayo inakata kofia kwa sekunde chache, lakini duara lake la mkwaruzo linabaki kwenye bati, cheche zinaunguza rangi, na kwenye bati la mabati inaondoa ule mpako wa zinki unaolizuia lisishike kutu.

Shida kubwa kuliko zote ni ribiti inayozunguka. Nilisimama karibu na fundi wa bodi aliyekuwa akimfundisha kijana. Kijana alikuwa ametoa kofia nyingi vizuri, kisha akafika kwenye moja akaanza kuegemea drili kwa kifua.

"Mkuu, hii ngumu," alisema.

"Siyo ngumu, inazunguka. Angalia kofia. Acha kusukuma, maana hapo biti haikati, inasugua tu."

Alikuwa sahihi. Ribiti iliyolegea haishiki bati kwa nguvu ya kutosha kuipinga biti, kwa hiyo biti, kofia na shina vinazunguka pamoja. Shina linageuka kuwa tupa ndani ya tundu. Unavyozidi kusukuma ndivyo unavyozidi kupanua tundu kwa ribiti ile ile uliyotaka kuitoa, bila biti yenyewe kugusa bati hata kidogo. Dalili zake ziko wazi ukizijua: hakuna nyuzi zinazotoka, kofia inapata joto, na alama yoyote uliyoiweka kwenye kofia kwa kalamu inazunguka. Mara nyingi unaweza hata kuitambua kabla ya kuanza, kwa sababu ribiti iliyolegea kwenye alumini huacha duara jeusi la vumbi kuizunguka, linalotokana na bati na shina kusuguana kila gari linapotikisika. Kwenye paneli yetu, zile zenye duara jeusi tuziwekee alama na kuziacha za mwisho.

Fundi yule alimwambia kijana ashike bisibisi bapa, aibane ncha yake kwenye ukingo wa kofia ikiwa imelala, na aisukume kuelekea katikati wakati mwenzake anatoboa. Kofia ikakwama, biti ikaanza kukata. Kama bisibisi inateleza, piga kofia kwa tupa upande mmoja mpaka upate ukingo ulionyooka, kisha ukibane hicho. Mkia ukiwa unafikika kwa nyuma, ubane kwa koleo la kufunga. Hiyo ndiyo njia imara kuliko zote. Na zikishindikana zote, toa biti kwenye drili, uishike kwa kishikio cha mkono, uizungushe taratibu. Alumini ni laini, na kwa mwendo huo kofia hukatika bila shina kupata nguvu ya kuzunguka nalo.

Utaratibu wa kuzifungua ribiti nao una maana. Anza na mstari wa chini, panda pembeni, na mstari wa juu uwe wa mwisho. Bati likining'inia kwenye ribiti chache za chini linapinda na kuvuta matundu yake. Ribiti mbili za pembe za juu ziguse ukiwa na mtu ameshika paneli.

Kofia zote 36 zikishatoka, usianze kupiga mashina kuingia ndani wakati bati bado liko juu yake. Kwanza livue bati kwenye mashina. Mashina yatabaki yamesimama kwenye fremu, nalo linapita juu yake, kwa sababu hakuna kofia tena. Likikataa sehemu fulani, chungulia kwanza kama kofia imekatika kabisa au kama ipo silikoni iliyowekwa kuzuia maji. Silikoni haishindwi kwa kubandua na bisibisi. Pitisha mshipi wa kuvulia samaki kati ya bati na fremu, ushike ncha mbili, uuvute huku na huku mpaka ukate kote. Bati likishaondoka salama, rudi kwenye fremu na upige mashina kwenda ndani kwa panchi ya milimita 4 au 4.5. Hayawezi kutoka kwa nje, kwa kuwa mkia ni mpana kuliko tundu, na kuyang'oa kwa koleo kunapasua tundu la fremu.

Hayo mashina na misumari sasa yako ndani ya skwea paipu. Yatoe. Ukiyaacha, basi litatembea likilia kama njuga, na vipande vya chuma vilivyolala chini ya bomba vinahifadhi unyevu na kuanzisha kutu mpya. Kama mwisho wa bomba uko wazi, upepo wa kompresa unayasukuma nje. Sumaku iliyofungwa kwenye waya inavuta misumari, lakini mashina ya alumini haitayagusa, kwa hiyo usidanganyike ukiona sumaku inarudi tupu.

Halafu kagua matundu, moja moja. Tumia nyuma ya biti, ule upande usio na makali, kama kipimo. Ikiwa nyuma ya biti ya milimita 5 inaingia kwa kubana au inakataa, tundu ni zima. Ikiwa ya 5.5 inaingia, tundu limeharibika na ribiti ya 4.8 haitalijaza, itavutwa, itaonekana imeshika, na baada ya muda barabarani itaanza kutoa lile duara jeusi. Izungushe pia biti ya kipimo ikiwa ndani: ikicheza upande mmoja tu, tundu limerefuka.

Kwa tundu lililoharibika, wengi hukimbilia ribiti ya milimita 6.4. Kabla ya hapo, pima umbali kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati. Kanuni inayotumika kwenye kazi za bati ni umbali usiopungua mara mbili ya kipenyo cha ribiti. Kwenye paneli yetu mstari wa ribiti uko milimita 10 kutoka ukingoni. Ribiti ya 4.8 inahitaji 9.6, nazo zipo. Ribiti ya 6.4 inahitaji 12.8, na bati halina. Ukiipiga hapo, siku paneli itakapogongwa tundu litachanika hadi ukingoni. Kwa hiyo kwenye paneli hii njia bora ni kuliacha tundu bovu na kutoboa jipya la 4.9 kwenye mstari ule ule, milimita 15 au zaidi pembeni yake, palipo na bati zima na fremu nzima. Tundu la zamani litazibwa wakati wa kupaka rangi. Kama lililopanuka kidogo ni la bati peke yake na la fremu liko sawa, ribiti ya 4.8 yenye kofia pana ya milimita 14 inatosha, kwa sababu kofia hiyo inakanyaga bati ambalo halijaguswa.

Matundu mazima yanahitaji kusafishwa tu. Chukua biti kubwa, kama ya 8, uishike kwa vidole bila drili, uizungushe mara moja au mbili kwenye mdomo wa kila tundu kuondoa makali yaliyosimama. Ukiona umeanza kutengeneza bakuli, umezidisha. Kwenye fremu ya chuma, baada ya kuchomelea na kusugua, paka praima mpaka ndani ya ukingo wa kila tundu na uiache ikauke. Alumini ikigusa chuma kitupu penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na ule unga mweupe unaouona kuzunguka ribiti za mabasi ya pwani ndio mabaki yake.

Paneli ikirudi, ipachike kwa ribiti za pembe nne bila kuzivuta kwanza. Kila shina liingie kwa kusukumwa na kidole gumba, likiwa na ukinzani mdogo. Matundu 36 ya bati yakikutana na 36 ya fremu bila kulazimisha, vuta ribiti za pembe, kisha zilizobaki ukianzia katikati ya kila mstari kwenda pembeni. Kwenye kila moja jaribu kuigeuza kofia kwa ukucha. Ikigeuka, itoe siku hiyo hiyo, kwa panchi ya 2.5 na biti ya 4.5, kabla haijaanza kulila tundu.